Kumwachia mwenzako pleilisti ya pamoja kabla hujafunga akaunti

Wengi hutafuta kitufe cha kukabidhi umiliki wa pleilisti kwenye Spotify. Msipoteze muda, hakipo. Unaweza kuwaalika watu waongeze nyimbo, wazifute na kuzipanga upya, lakini mmiliki anabaki yule aliyeiunda siku ya kwanza. Na Spotify wenyewe wanaonya kwamba ukifunga akaunti, pleilisti zako, maktaba yako na wafuasi wako vinakwenda nayo.

Kwa hiyo kinachoitwa kukabidhi ni hiki: anayebaki anaunda orodha mpya kwa akaunti yake, anahamishia humo nyimbo zote wakati ile ya zamani ingali hai, mnazilinganisha, halafu anayeondoka ndiyo anafunga. Mpangilio huo haupinduliwi. Na kunakili kunafanywa na anayebaki, kwa mkono wake, kwenye akaunti yake. Nimeona mtu akikesha kumtengenezea mwenzake nakala safi kabisa, picha na maelezo juu, kisha akafunga akaunti asubuhi yake. Nakala ilikuwa chini ya jina lake. Ikaenda na akaunti.

Nitaeleza hatua kwa kutumia Spotify, kwa kuwa ndiko nilikofanya kazi hii mara nyingi zaidi. Huduma nyingine nitazigusa mbele. Mfano nitakaoutumia ni wa ndugu watatu niliowasaidia: dada mkubwa aliyekuwa anafunga akaunti, mdogo wake aliyebaki na orodha, na kaka yao ambaye huongeza nyimbo bila kusoma ujumbe wa mtu. Orodha yao ilikuwa na nyimbo 286, jumla saa 19 na dakika 4. Shikeni namba hizo mbili, tutazirudia.

Kwanza, una uhakika unataka kufunga?

Ukiniambia unafunga akaunti kwa sababu umechoka kulipia, nitakusimamisha hapo hapo. Kusitisha Premium na kufunga akaunti ni mambo mawili tofauti. Ukisitisha Premium, akaunti inarudi kwenye daraja la bure na pleilisti zako zinabaki zilipo, kwa jina lako, na wenzako wanaendelea kuongeza nyimbo kama kawaida. Kama tatizo ni barua pepe ya zamani ya kazini, anwani inabadilishwa kwenye ukurasa wa akaunti. Dada mkubwa yeye alikuwa ameshaamua kuondoka kabisa, tukaendelea.

Kuhifadhi si kumiliki

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuumia, kwenye huduma nyingine ambayo siitaji. Rafiki aliniambia anafunga akaunti, nikabonyeza alama ya kuhifadhi orodha yetu kwenye maktaba yangu, nikapakua nyimbo zote kwenye simu, nikalala usingizi mzuri. Wiki mbili baadaye sikuwa na orodha. Nilichohifadhi kilikuwa njia ya kuifikia orodha ya mwenzangu. Orodha yenyewe haikuwa yangu hata siku moja. Nyimbo nilizopakua nazo zilikuwa zinasikika kupitia orodha hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya lolote, kila mmoja aifungue orodha na asome jina lililo chini ya kichwa chake. La kwanza ni la mmiliki. Ishara nyingine iko kwenye menyu ya nukta tatu: mmiliki ataona neno la kufuta orodha, mwingine ataona la kuiondoa kwenye maktaba yake tu. Mdogo mtu alikuwa na hakika kwamba orodha ni yake, maana ndiye aliyeongeza nyimbo nyingi kuliko wote. Alipofungua nukta tatu akakuta hana uwezo wa kuifuta. Hapo alielewa bila maelezo yangu.

Tangazeni kusimama

Chagueni siku, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote asiongeze wala kuondoa wimbo kwenye orodha ya zamani. Mmiliki aandike hivyo kwenye maelezo ya orodha, kupitia nukta tatu na `Edit details`. Nafasi ni herufi 300, inatosha kwa sentensi mbili. Dada mkubwa aliandika kwamba orodha inahama, msiongeze kitu hapa, kiungo kipya kinakuja. Na kwa kuwa watu hawasomi maelezo ya orodha, mpelekee kila mchangiaji ujumbe wake kwenye simu. Ujumbe wa jumla kwenye kundi humfikia kila mtu isipokuwa yule mmoja mliyemlenga.

Andikeni idadi ya nyimbo na jumla ya muda kama zinavyoonekana juu ya orodha. Piga picha ya skrini ikiwezekana, maana kichwani namba hizo hubadilika.

Chukueni akiba kabla ya kunakili

Akiba ya kwanza ni ya haraka mno na watu wachache wanaijua. Inahitaji programu ya Spotify ya kompyuta. Fungua orodha, bofya wimbo mmoja, kisha bonyeza `Ctrl+A` kuchagua zote na `Ctrl+C` kunakili. Kwenye Mac ni `Cmd` badala ya `Ctrl`. Fungua hati tupu ya maandishi na ubandike. Utapata mistari ya namna hii, kila wimbo na mstari wake:

```
https://open.spotify.com/track/...
https://open.spotify.com/track/...
https://open.spotify.com/track/...
```

Hesabu mistari, ihifadhi hati, mtumie mwenzako. Uzuri wake ni kwamba mistari hiyo hufanya kazi kwa kurudi pia: mtu akiinakili yote, akafungua pleilisti tupu kwenye kompyuta na kubonyeza `Ctrl+V`, nyimbo zinaingia. Viungo hivyo ni vya nyimbo, havina uhusiano na akaunti ya aliyeondoka, kwa hiyo vinafaa hata akaunti yake ikiwa imeshafutika.

Akiba ya pili inachukua siku kadhaa, ndiyo maana inaombwa mapema. Mmiliki aingie kwenye ukurasa wa akaunti kupitia kivinjari, sehemu ya faragha, aombe data zake. Kuna aina kadhaa za kuomba. Inayohitajika hapa ni data ya kawaida ya akaunti, ambayo Spotify wanasema huandaliwa kwa siku 5 hivi. Historia ndefu ya usikilizaji huchukua hadi siku 30 na haitusaidii kwa jambo hili. Ukiletewa ile data ya akaunti, ndani ya kifurushi kuna faili liitwalo `Playlist1.json`. Linafunguka kwa programu yoyote ya maandishi, na kila wimbo umeandikwa kwa sura hii:

```
"track": {
  "trackName": "...",
  "artistName": "...",
  "albumName": "...",
  "trackUri": "spotify:track:..."
},
"localTrack": null,
"addedDate": "..."
```

Halipendezi macho, lakini lina kitu ambacho ile hati ya viungo haina: jina la wimbo, la msanii, la albamu, na tarehe wimbo ulipoongezwa. Wimbo ukija kuondolewa kwenye huduma miaka miwili ijayo, kiungo kitakuwa hakifunguki, ila kwa faili hili utajua kilikuwa kiungo cha wimbo gani.

Kunakili kwenyewe

Anayebaki ndiye anashika usukani sasa. Kama orodha ni ya faragha na yeye si mchangiaji, mmiliki ampelekee mwaliko kupitia `Invite collaborators`. Kiungo cha mwaliko hudumu siku 7, kikipita inabidi kitolewe kingine.

Kabla ya kunakili, angalia orodha imepangwaje. Hili linaonekana dogo hadi likukute. Juu ya orodha kuna sehemu ya kupanga: kwa jina, kwa msanii, kwa tarehe, au `Custom order`, yaani mpangilio ambao ninyi wenyewe mliuweka kwa kuburuta nyimbo. Ukichagua nyimbo zote kwa `Ctrl+A` wakati skrini inazionyesha kwa alfabeti, una hatari ya kuzibandika kwa alfabeti, na mpangilio mliouhangaikia kwa miaka ukabaki kwenye orodha inayokaribia kufa. Rudisha `Custom order` kwanza. Nyimbo za kwanza tano na za mwisho tano ziandikeni pembeni, zitakuja kuwa kipimo.

Kisha, kwenye simu au kompyuta, anayebaki afungue nukta tatu za orodha yenyewe. Si za wimbo mmoja, ziko chini ya jina la orodha. Achague `Add to other playlist`, halafu `New playlist`. Aipe jina, athibitishe. Kwa orodha ya nyimbo mia mbili tatu ni kazi ya sekunde chache. Pleilisti moja ya Spotify inabeba nyimbo 10,000, kwa hiyo ukubwa hauwezi kuwa kikwazo kwa watu wa kawaida.

Mara tu ikiisha, soma jina la mmiliki chini ya kichwa cha orodha mpya. Liwe la anayebaki. Kama kifaa ni cha familia na kuna akaunti mbili ndani yake, soma mara mbili.

Kwa mdogo mtu hatua yote hii ilichukua muda mfupi kuliko muda wa kuchagua jina la orodha mpya. Walibishana dakika ishirini, mwishowe wakairudisha na jina lile lile.

Kulinganisha, ambako ndiko kazi iliko

Orodha mpya ilionyesha nyimbo 284, saa 18 na dakika 55. Ya zamani ilikuwa 286 na saa 19 na dakika 4. Zimepungua nyimbo mbili na dakika tisa. Mtu mwenye haraka angesema mbili kati ya mia tatu si kitu.

Angalia vile namba mbili zinavyosaidiana. Idadi peke yake inakwambia kuna upungufu. Muda unakupa tetesi ya kilichopungua: dakika tisa kwa nyimbo mbili ni vipande virefu kiasi, kwa hiyo tukaanza kutafuta vipande virefu. Na hata idadi zikilingana, muda ukitofautiana ujue kuna wimbo umebadilishwa na mwingine. Huenda mtu amefuta mmoja akaongeza mmoja wakati mnanakili.

Tulifungua `Playlist1.json` na kutafuta neno `localTrack`. Kwa nyimbo za kawaida mbele yake kuna `null`. Kwa mbili halikuwa `null`. Hizo zilikuwa faili kutoka kwenye kompyuta ya dada mkubwa: rekodi mbili za babu yao akiimba, zilizowekwa kwenye orodha miaka kadhaa nyuma. Spotify haijawahi kuwa na sauti hizo. Inachokuwa nacho ni alama tu kwamba hapa pana faili la mtu, na faili husikika pale tu lilipo. Wadogo zake walikuwa wakiona majina hayo yamefifia kwenye orodha na kudhani ni hitilafu ya mtandao.

Vitu vya namna hiyo hakuna njia ya kuvinakili ndani ya programu vikafika vizima. Dada alituma faili zenyewe kwa mdogo wake kama mtu anavyotuma faili yoyote, mdogo akaziweka kwenye kompyuta yake, akaruhusu faili za kifaa kuonekana kwenye mipangilio ya Spotify, akaziongeza upya kwenye orodha. Ikafika 286. Kwa upande wa kaka yao bado zimefifia, naye atazisikia siku atakapoziweka kwenye kifaa chake. Kama mna kitu cha aina hii ambacho hakipatikani kwingine duniani, msikitegemee kwenye pleilisti. Faili ndilo mali.

Wimbo wa tatu ulikuwa na shida tofauti. Ulihesabiwa, lakini kwa mdogo mtu ulikuwa kijivu na haukucheza. Dada na mdogo wake wanaishi nchi mbili, na haki za kuchezwa kwa wimbo hutolewa nchi kwa nchi. Wimbo unaosikika kwa mmoja unaweza usisikike kwa mwingine. Mara nyingi dawa ni kuutafuta upya kwa jina, kwani wimbo mmoja huwa umetoka kwenye albamu, kwenye mkusanyiko na kama singo, na kila toleo lina haki zake. Mdogo alipata toleo la mkusanyiko linalocheza kwake, akaliweka mahali pale pale pa lile la kijivu. Mpangilio wa simu unaweza kuwa unaficha nyimbo zisizochezeka, kwa hiyo kabla ya kuhesabu kwa macho, ruhusu zionekane. Vinginevyo utapitia orodha nzima na kuridhika, kumbe zilizo na tatizo ndizo hasa huzioni.

Maliza kwa kile kipimo cha tano za mwanzo na tano za mwisho. Zikikaa sawasawa, chukua mbili tatu za katikati bila kuchagua, linganisha namba zake. Inatosha.

Visivyohama

Kuna vitu ambavyo nakala haivibebi, na ni afadhali mjue mapema mkavipe mkono wa buriani.

Wafuasi hawahami. Kama orodha ilikuwa na watu mia wanaoisikiliza, orodha mpya inaanza na sifuri. Mnachoweza kufanya ni kuweka kiungo kipya kwenye maelezo ya orodha ya zamani na kuiacha wiki kadhaa ikiwa hivyo. Kwa orodha ya ndugu watatu hilo halina uzito. Kwa orodha yenye wasikilizaji wengi, ndiyo sababu ya kuahirisha kufunga.

Picha ya juu na maelezo havihami. Mwenye picha atume picha halisi, siyo iliyokatwa kutoka kwenye skrini, na anayebaki aiweke kwa `Edit details`.

Tarehe za kuongezwa zote zinakuwa za siku ya kunakili. Hili ndilo lililomuuma mdogo mtu kuliko yote, maana kwenye kompyuta ile safu ya tarehe ilikuwa kama shajara yao: wimbo huu ulikuja mwezi wa harusi, ule usiku wa msiba. Hakuna njia ya kuzirudisha kwenye orodha mpya. Zinabaki kwenye `Playlist1.json`, na yeye amelihifadhi faili hilo mahali penye picha za familia.

Na safu ya nani ameongeza nini inageuka: kila wimbo unaonekana umeongezwa na aliyenakili. Hapa kuna ujanja kwa wanaojali. Badala ya mtu mmoja kunakili zote, anayebaki anaunda orodha tupu, anawaalika wachangiaji kwa `Invite collaborators`, kisha kila mmoja anakwenda kwenye orodha ya zamani, anachagua zake tu kwa kushikilia `Ctrl` na kubofya moja moja, anazinakili na kuzibandika kwenye mpya. Majina yanakaa palipo pao. Gharama yake ni mpangilio, kwa kuwa nyimbo zinaingia mafungu mafungu na itabidi mziburute mahali pake. Kwa nyimbo thelathini ningefanya hivyo. Kwa 286 niliwashauri wasithubutu. Tena jina la anayefunga akaunti halikai kwa njia hiyo vilevile, maana nyimbo zake lazima ziongezwe na mtu mwingine. Walichofanya ni kupiga picha za skrini za safu ile, wakisogeza chini kidogo kidogo, mpaka mwisho.

Mkiwa nje ya Spotify

Apple Music iliruhusu pleilisti za pamoja kuanzia iOS 17.3, mwaka 2024. Kanuni ni ile ile: anayebaki aunde yake na ahamishie nyimbo humo. Mmiliki asizime ushirikiano kwanza kwa nia ya kupanga mambo, kwa sababu akizima, orodha huondoka kwenye maktaba za wengine, na hapo hawana tena cha kunakili.

YouTube na YouTube Music nazo hazihamishi pleilisti moja moja, na ukifuta chaneli yako pleilisti zake zinafutika pia. Orodha za video unaweza kuzitoa kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, kwa faili za CSV zenye vitambulisho vya video. Ila huko kuna mlango mmoja ambao Spotify hawana. Kama orodha iliundwa chini ya Brand Account, yaani akaunti ya chaneli inayoweza kusimamiwa na watu zaidi ya mmoja, akaunti hiyo yenyewe inaweza kubadilishwa mwenye nayo: unamwongeza mwenzako kama mmiliki, mnasubiri siku 7, ndipo unaweza kumfanya kuwa mmiliki mkuu, wewe ukajitoa. Hakuna kunakili, na viungo vyote vinabaki vilevile. Usifute akaunti yako ya Google ndani ya siku hizo saba.

Kufunga

Mkisharidhika na nakala, kaeni siku tatu nne bila kugusa chochote. Kisha fungueni orodha ya zamani, ipangeni kwa tarehe ya kuongezwa, muone kama kuna kilichoingia baada ya siku ya kusimama. Kama kipo, kiongezeni kwenye mpya. Pleilisti ya zamani isifutwe kwa mkono kwa kisingizio cha usafi. Kufunga akaunti kutaiondoa.

Ukifunga, Spotify hukutumia barua pepe yenye kiungo cha kurudisha akaunti, na kiungo hicho kinafanya kazi kwa siku 7. Kwa hiyo hakikisha barua pepe iliyo kwenye akaunti ni ile unayoifungua kweli, na usiifute barua hiyo. Msichanganye siku hizi saba na ile huduma ya `Recover playlists` kwenye ukurasa wa akaunti, inayorudisha pleilisti uliyoifuta ndani ya siku 90. Hiyo inahitaji akaunti iliyo hai. Akaunti ikishakwenda, hakuna pa kuingilia uibonyeze.

Siku saba hizo anayebaki azitumie kusikiliza. Acheze orodha mpya kama anavyoicheza siku zote, kwenye simu, kwenye spika, popote, na awaulize wachangiaji kama kuna kinachokosekana.

Dada mkubwa alifunga Jumamosi. Jumanne usiku kaka yao akaandika kwenye kundi: zile nyimbo zangu mbili mmezitoa kwa nini? Ikabainika alikuwa ameziongeza kwenye orodha ya zamani Ijumaa, saa chache baada ya sisi kumaliza kuangalia tarehe, na majina yake hayakumbuki kwa sababu alizisikia kwenye gari la mtu. Dada akafungua barua pepe, akabofya kile kiungo, akaunti ikarudi na orodha ikawa palepale na nyimbo 288. Mdogo akazichukua mbili za mwisho, akaziweka kwenye mpya, akasoma namba kwa sauti. Zikalingana. Dada akafunga tena usiku ule ule, safari hii baada ya kumwondoa kaka yake kwenye wachangiaji.